Asilimia 12 ya pensheni: ya nani, na zinaingia ngapi kwa jina lako

"Nafanya kazi kwenye kampuni ya uchukuzi hapa Nakuru. Mshahara wangu ni shilingi 45,000, wa msingi tu, sina marupurupu. Hati ya mshahara inaonyesha NSSF 2,700, na mwanzoni mwa 2023 ilikuwa 200 tu, ilhali mshahara haujaongezwa hata shilingi. Mhasibu ananiambia kampuni 'inanilipia asilimia 12'. Wenzangu wanasema tajiri anatukata mpaka sehemu yake. Juzi tumeitwa mkutano tukaambiwa kampuni itaanzisha skimu yake ya pensheni, sisi asilimia 5 na wao asilimia 7, na kwamba NSSF itapungua. Kwa mwezi ni shilingi ngapi hasa zinazoingia kwa jina langu? Na nikikubali hiyo skimu, nitapata au nitapoteza?"

Ndugu yangu, kwa mshahara wako zinazopaswa kuingia kwa jina lako kila mwezi ni shilingi 5,400. Zile 2,700 unazoziona kwenye hati ni nusu tu. Nusu ya pili, 2,700 nyingine, inatoka mfukoni mwa kampuni na haipaswi kukugusa wewe. Kuhusu skimu, jibu langu ni kwamba huenda ukapata, lakini inategemea maneno machache ambayo hamkuambiwa mkutanoni, au mliambiwa haraka haraka. Nitayafikia, ila kwanza tuisome vizuri hati uliyo nayo mkononi, kwa sababu hesabu ya skimu inasimama juu ya hesabu ya NSSF.

Mhasibu wako amesema nusu ya ukweli. Ni kweli asilimia 12 ya mshahara wako inaingia NSSF, lakini kampuni hailipi 12. Sheria ya NSSF ya 2013 inamtaka mfanyakazi atoe asilimia 6 na mwajiri atoe asilimia 6. Asilimia 6 ya 45,000 ni 2,700. Kwa hiyo katika zile 5,400, kampuni imeweka 2,700 na wewe umeweka 2,700. Mtu akikuambia "tunakulipia 12" huku nusu yake ni jasho lako, usimkasirikie. Wahasibu wengi husema hivyo kwa sababu wao hupeleka malipo yote mawili kwa pamoja na kuyaona kama kitu kimoja.

Wenzako nao, kwa hati uliyonieleza, hawana haki. Kama tajiri angekuwa anawakata sehemu zote mbili, mstari wa NSSF kwenye hati yako ungesoma 5,400. Unasoma 2,700, ambayo ni asilimia 6 kamili. Sheria hairuhusu mwajiri kumkata mfanyakazi ile sehemu ambayo ni jukumu lake mwenyewe, hata mkikubaliana kwa maandishi. Lakini kuna njia ya pili ya kufanya jambo hilohilo kimyakimya, na ningependa uikague. Chukua barua yako ya kuajiriwa, tazama mshahara uliotajwa mle, halafu linganisha na mshahara wa msingi ulioandikwa juu kabisa ya hati ya mwezi huu. Kama barua inasema 45,000 na hati inasema 45,000, uko salama. Kama barua ingesema 47,700 na hati ikasema 45,000, hapo ndipo ungejua kwamba sehemu ya mwajiri imechotwa kwako kabla hata mshahara haujaandikwa.

Tena usishtuke ukiona kwenye hati mstari mwingine, mara nyingi huwa chini, unaosema mchango wa mwajiri 2,700. Baadhi ya programu za mishahara huuchapa kwa taarifa tu. Namna ya kujua kama ni taarifa au ni makato ni kujumlisha makato yote kwa mkono na kuyatoa kwenye 45,000. Ukipata mshahara uleule ulioingia benki bila kuuhesabu mstari huo, basi ni taarifa. Ukilazimika kuuhesabu ndipo hesabu ikubali, basi umekatwa.

Sasa, mbona 200 imekuwa 2,700 na mshahara umesimama palepale? Chini ya sheria ya zamani, mchango ulikuwa na kikomo kidogo sana: shilingi 200 kutoka kwako na 200 kutoka kwa mwajiri, jumla 400 kwa mwezi, uwe unapata 10,000 au 300,000. Sheria ya 2013 iliondoa mtindo huo, lakini ilikaa mahakamani kwa miaka. Mahakama ya Rufaa iliifungulia njia mwezi Februari 2023, na tangu hapo imekuwa ikitekelezwa kwa ngazi, kila Februari ngazi moja. Asilimia haijabadilika hata mara moja, ni 6 na 6 tangu siku ya kwanza. Kinachopanda ni kiwango cha juu cha mshahara kinachohesabiwa.

Kwako wewe ilikwenda hivi. Mwaka wa kwanza, kuanzia Februari 2023, mshahara uliohesabiwa uliishia 18,000, kwa hiyo ulikatwa asilimia 6 ya 18,000, yaani 1,080. Februari 2024 kikomo kikawa 36,000, ukakatwa 2,160. Februari 2025 kikapanda hadi 72,000, ambacho kinaupita mshahara wako, kwa hiyo kwa mara ya kwanza mshahara wako wote ukahesabiwa na ukafika 2,700. Februari 2026 kikomo kimekuwa 108,000, na wewe hukuongezewa kitu, kwa kuwa tayari ulikuwa umeshahesabiwa mshahara wote. Aliyeumia safari hii ni yule anayepata zaidi ya 72,000. Ndiyo maana pia ni kosa kusema kila mtu hukatwa asilimia 6 ya mshahara wake. Meneja wenu akiwa anapata 130,000, anakatwa asilimia 6 ya 108,000, yaani 6,480, na hapo panaishia. Ukiipima dhidi ya mshahara wake wote, inakaribia asilimia 5.

Februari 2026 ilibadilisha kitu kimoja kwako ambacho huenda hukukiona, na ndicho kitakachokusaidia kuielewa skimu. Mchango wa NSSF umegawanywa sehemu mbili. Kwenye hati au kwenye taarifa ya NSSF utaona zimeandikwa Tier I na Tier II. Mimi nitaziita daraja la kwanza na daraja la pili. Fikiria madebe mawili yaliyopangwa chini ya bomba: la kwanza hujaa, na kinachofurika ndicho huingia la pili. Debe la kwanza kwa sasa linabeba shilingi 9,000 za mwanzo za mshahara wako. Asilimia 6 ya 9,000 ni 540. Zinazobaki, kutoka 9,000 mpaka 45,000, ni 36,000, na asilimia 6 yake ni 2,160. Ukijumlisha 540 na 2,160 unapata zile 2,700. Mwaka wa 2025 debe la kwanza lilikuwa la 8,000, kwa hiyo mgawanyo wako ulikuwa 480 na 2,220. Jumla ileile, vipande tofauti.

Mgawanyo huu una maana kwa sababu madaraja haya mawili hayana sheria moja. Daraja la kwanza ni lazima liende NSSF, hakuna ujanja. Daraja la pili mwajiri anaweza kuruhusiwa kulipeleka kwenye skimu nyingine ya pensheni, badala ya NSSF, iwapo skimu hiyo imesajiliwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni, RBA, na mamlaka hiyo imekubali ombi lake. Mliposikia mkutanoni kwamba "NSSF itapungua", bila shaka walikuwa wanazungumzia jambo hili. NSSF yako haitapungua kwa sababu serikali imepunguza. Itapungua kwa sababu daraja la pili litabadilisha anwani.

Tuingie kwenye skimu yenyewe. Asilimia 5 ya 45,000 ni 2,250, na asilimia 7 ni 3,150. Jumla ya skimu ni 5,400. Najua umeiona namba hiyo ukadhani ni kitu kilekile, maana 5 na 7 nazo ni 12. Ni sadfa tu, na ni sadfa inayopoteza watu. Swali la kuuliza ni moja: hizo 5 na 7 ziko juu ya NSSF yote, au zimebeba daraja la pili ndani yake?

Kama ziko juu ya NSSF yote, basi NSSF inabaki 2,700 kwako na 2,700 kwa kampuni kama leo, halafu skimu inaongezwa. Wewe utatoa 2,700 na 2,250, jumla 4,950. Kampuni itatoa 2,700 na 3,150, jumla 5,850. Zitakazoingia kwa jina lako kila mwezi ni 10,800, mara mbili ya leo, sawa na asilimia 24 ya mshahara. Lakini kwa mpango huu NSSF haitapungua hata kidogo, kwa hiyo haukubaliani na maneno mliyoambiwa.

Kama daraja la pili limebebwa ndani ya skimu, picha ni tofauti kabisa. NSSF inabaki na daraja la kwanza peke yake, 540 kwako na 540 kwa kampuni. Skimu inapokea 2,250 zako na 3,150 za kampuni. Wewe utatoa jumla 2,790, na kampuni 3,690. Zitakazoingia ni 6,480 kwa mwezi, sawa na asilimia 14.4 ya mshahara. Ukilinganisha na leo, wewe unaongeza shilingi 90 na kampuni inaongeza 990. Nikiyasoma maneno ya mkutano wenu, naona huu ndio mpango wanaoutaka.

Kuna tafsiri ya tatu ambayo nimeona ikijitokeza, kwamba hizo 5 na 7 zinabeba NSSF yote, daraja la kwanza na la pili, na mfanyakazi halipi tena kingine. Hiyo haiwezekani kisheria. Asilimia 5 kwa jumla ni 2,250, na sheria inataka wewe utoe 2,700. Akikuambia hivyo mtu, hata kwa nia njema, mwambie hesabu haifiki.

Sasa niseme jambo ambalo skimu nyingi ndogo hukwama nalo, na ambalo ningependa mliulize kabla ya kutia sahihi. Katika mpango wa pili, asilimia 5 yako lazima itoshe kulifunika daraja la pili, kwa sababu ndilo linalochukuliwa mahali pake. Kwako inatosha: skimu itapokea 2,250 kutoka kwako, na daraja la pili ni 2,160. Zinabaki 90. Lakini tazama mwenzako anayepata 60,000. Daraja lake la pili ni asilimia 6 ya 51,000, yaani 3,060. Asilimia 5 ya 60,000 ni 3,000. Amepungukiwa na 60 kila mwezi. Kwa viwango vya sasa, mpaka uko kwenye mshahara wa 54,000: chini yake asilimia 5 inatosha, juu yake haitoshi, mpaka mtu aupite kikomo cha juu kwa umbali wa kutosha. Wewe uko 45,000 leo, lakini ukipandishwa cheo ukafika 55,000 utaangukia kwenye shimo hilohilo bila kujua. Upande wa kampuni hauna tatizo hili kwa kuwa asilimia 7 ni kubwa kuliko 6.

Dawa yake ni sentensi moja kwenye kanuni za skimu, inayosema kwamba mchango wa mfanyakazi utakuwa asilimia 5 ya mshahara au kiasi cha daraja la pili, chochote kilicho kikubwa zaidi. Mwombe afisa wa wafanyakazi akuonyeshe sentensi hiyo. Kama haipo, skimu inaweza kukaa miaka ikikusanya pungufu, na siku ukaguzi ukija kampuni inaanza kuhangaika kutafuta malimbikizo.

Neno lingine la kulitazama ni "mshahara". Wewe una bahati, mshahara wako ni wa msingi tupu. Kwa wasomaji wengine ambao wana marupurupu ya nyumba na usafiri, skimu za kampuni kwa kawaida huhesabu asilimia juu ya mshahara wa msingi peke yake. Mtu mwenye msingi wa 30,000 na marupurupu ya 15,000 anaweza kufikiri asilimia 7 ya mwajiri ni 3,150 kama yako, kumbe ni 2,100. Kanuni za skimu hueleza mshahara unaohesabiwa ni upi. Ni ukurasa wa mwanzo mwanzo, sehemu ya maana ya maneno.

Na uliza pia kama ile asilimia 7 ya kampuni inaingia yote kwenye akaunti yako. Kuna skimu ambazo mwajiri hutaja asilimia yake, halafu kutoka humo hulipwa bima ya maisha ya wafanyakazi na gharama za kuendesha skimu, kinachobaki ndicho kinachoingia kwa mwanachama. Si wizi, mradi imeandikwa na mmeambiwa. Lakini asilimia 7 ambayo ndani yake mna asilimia 1 ya bima na gharama ni asilimia 6 kwa akiba yako, na hapo ongezeko la kampuni kwako linashuka kutoka 990 hadi 540. Bado ni pesa, ila ujue unachokubali.

Kuhusu mfuko wako, hofu ya watu huwa kubwa kuliko makato yenyewe, kwa sababu mchango wa pensheni hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ya PAYE kuhesabiwa. Kwa bendi za PAYE zilizotumika tangu Julai 2023, sehemu ya juu ya mshahara wako, ile inayopita 32,333 baada ya makato yanayoruhusiwa, inatozwa asilimia 30. Kwa hiyo katika 2,700 unazotoa leo, 810 zingekwenda kwa KRA hata hivyo. Mshahara unaochukua nyumbani umepungua kwa 1,890, na kwa jina lako zimeingia 5,400. Kwa mpango wa pili wa skimu, zile shilingi 90 za ziada zitapunguza mshahara wako wa mkononi kwa 63 tu. Kwa mpango wa kwanza, 2,250 za ziada zitaupunguza kwa 1,575. Msamaha huu wa kodi una kikomo cha shilingi 30,000 za mchango kwa mwezi tangu mwisho wa Desemba 2024, ambacho uko mbali nacho.

Nisisitize hapo kwamba makato mengine mawili kwenye hati yako, ya afya ya SHIF asilimia 2.75 na ya nyumba asilimia 1.5, si pensheni. Ya nyumba mwajiri naye hulipa asilimia 1.5, ya SHIF hailipiwi na mwajiri. Lakini hata moja kati yake haiingii kwenye akiba yako ya uzeeni. Ukimsikia mtu amejumlisha yote akasema "pensheni inanimaliza", mwonyeshe mistari mmoja mmoja.

Basi, ukubali au ukatae? Kama ni mpango wa pili na kampuni inaweka asilimia 7 kamili, sioni sababu ya kukataa. Shilingi 63 za mkononi zinakuletea 1,080 zaidi kwenye akiba. Kama ni mpango wa kwanza, unapata 5,400 zaidi kwa mwezi ukitoa 1,575 za mkononi, na kwa hesabu tupu hilo ni jema kuliko la pili. Hapo ndipo ningekuuliza una mikopo gani. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wako baada ya makato yote, kwako 15,000. Kama mkopo wa Sacco unakatwa kwenye hati na tayari unakaribia hapo, makato mapya yatakufinya, na mara nyingi mtu huishia kukopa kwa njia ya simu kwa riba ambayo inakula faida yote ya mchango wa mwajiri. Maliza mkopo kwanza kama unaisha karibuni na skimu inaruhusu kujiunga baadaye.

Pia ujue pesa hizi zimefungwa. Mafao ya uzeeni ya NSSF hulipwa ukifika miaka 60, au ukiwa umeacha kazi baada ya kutimiza 50. Skimu ya kampuni ina masharti yake kuhusu anayehama kazi mapema, na daraja la pili likiwa ndani ya skimu huwekewa hesabu yake peke yake, halichanganywi na akiba nyingine. Kama unafikiria kuhama kampuni hivi karibuni, uliza sehemu ya mwajiri inakuwa yako baada ya muda gani, na uombe uonyeshwe mahali palipoandikwa.

Yote haya ni hesabu za karatasi mpaka uhakikishe pesa zimefika. Mwajiri anatakiwa kupeleka mchango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo mchango wa Machi utafute kuanzia katikati ya Aprili, usiutafute mwisho wa Machi ukaanza ugomvi bure. Nenda ofisi ya NSSF hapo Nakuru, au Huduma Centre, ukiwa na kitambulisho na nambari yako ya uanachama, uombe taarifa ya akaunti. Ikague mwezi kwa mwezi. Walio Kisumu, Kakamega na Eldoret pia wana ofisi zao.

Namba utakayoiona itakuambia mengi. Ikiwa 5,400, kila kitu kiko sawa. Ikiwa 2,700, basi ama sehemu ya mwajiri haikulipwa, ama kampuni imetangaza mshahara wako kuwa 22,500, maana asilimia 12 ya 22,500 ni 2,700 vilevile. Mgawanyo utakuonyesha ni lipi: kwa mshahara wa 22,500 daraja la kwanza lingesoma 1,080 na la pili 1,620. Ikiwa 400, kampuni bado inalipa kwa sheria ya zamani huku ikikukata kwa sheria mpya, na tofauti iko mahali fulani. Ikiwa 4,320, kuna uwezekano programu yao ya mishahara imekwama kwenye kikomo cha 2024, au daraja la kwanza halikuingizwa. Ikiwa 1,080 na skimu bado haijaanza, daraja la pili limeacha kwenda NSSF na linapelekwa kwingine au halipelekwi kabisa. Hilo la mwisho hutokea sana kampuni inapoanzisha skimu: mhasibu hupunguza NSSF kwenye programu mwezi uleule wa mkutano, kabla RBA haijakubali ombi. Mpaka idhini itolewe, daraja la pili ni la NSSF. Ombeni mwonyeshwe barua ya idhini na tarehe yake, halafu mtazame kama tarehe hiyo iko kabla ya hati ya kwanza yenye NSSF 540.

Na ikiwa mwezi mzima hauna kitu, usikimbilie kusema umeibiwa. Mara nyingi ni nambari ya uanachama iliyoandikwa vibaya au jina lisilolingana na kitambulisho, na pesa zimekaa NSSF zikisubiri mwenyewe. Mwombe mhasibu orodha aliyowasilisha mwezi huo, atazame mstari wako, mrekebishe nambari. Ni kazi ya siku moja kama nyote mna nia.

Kama nambari ni sahihi na orodha inaonyesha hukulipiwa, au mhasibu anakataa kuionyesha, hapo usibaki kuandikiana na watu kama mimi. Peleka ofisi ya NSSF nakala za hati za mshahara za miezi yote inayokosekana, barua ya kuajiriwa, na taarifa ya akaunti uliyoitoa, uombe kuonana na afisa anayeshughulikia uzingatiaji wa sheria. Yeye ana uwezo wa kwenda kwa mwajiri, kukagua vitabu na kudai malimbikizo pamoja na adhabu ya kuchelewa, na hahitaji kutaja jina lako akiwa huko. Kwa pesa za skimu ikishaanza, malalamiko huanzia kwa wadhamini wa skimu kwa maandishi, na wasipojibu hupelekwa RBA. Makato yakikushusha chini ya theluthi ya mshahara, hilo ni la afisa wa leba wa kaunti.

Kabla ya mkutano ujao, andika kwenye karatasi mistari miwili ya hati mnayotarajia, NSSF na skimu. Kwa mpango wa pili kwako itasoma 540 na 2,250. Kwa mpango wa kwanza itasoma 2,700 na 2,250. Mpe afisa wa wafanyakazi achague, atie sahihi chini ya aliyochagua, na ubaki na nakala.